Boriti ya Mkoko na Konstanti Mbili

Mtu anayeingia katika nyumba ya mawe ya zamani mjini Lamu hutambua haraka kwamba vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba, hata katika nyumba ya tajiri, hauzidi sana mita mbili na nusu au tatu. Akiinua macho ataiona sababu. Dari imebebwa na boriti za mkoko zilizopangwa karibu karibu, kila moja ikivuka upana wa chumba, na vichwa vyake vimezama ndani ya kuta nene za matumbawe na chokaa. Majahazi yalizipeleka boriti hizo mpaka Uarabuni na Ghuba, na huko nako vyumba vingi vya zamani vikachukua upana wa namna hiyo. Biashara hiyo ilikatika upande wa Kenya mwaka 1982, serikali ilipopiga marufuku kuuza nje miti ya mikoko.

Husemwa kwamba vyumba ni vyembamba kwa kuwa mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka. Kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Tuseme fundi angepata mti wa mita nne na unusu, mnyoofu na mzima, akautumia kubeba dari ileile. Dari isingeanguka siku hiyo, wala pengine mwaka huo. Ingenepa tu, na mnepo huo ungetosha kupasua chokaa na kuliacha dimbwi la maji ya mvua katikati ya sakafu ya juu. Swali la mhadhara huu ni jinsi mhandisi anavyoukadiria mnepo huo kwa kalamu na karatasi, na kwa nini sehemu ngumu ya kazi haimo katika hesabu bali ndani ya ukuta.

Kwanza mzigo. Juu ya boriti kuna matabaka ya mawe mepesi ya matumbawe na zege la chokaa, ambayo kwa mfano huu yatachukuliwa kuwa na unene wa sentimita 30. Boriti zinapishana kwa sentimita 30 pia, kwa hiyo kila moja inabeba ukanda wake wa upana huo. Ukijumlisha uzito wa ukanda huo na watu wachache wanaopita juu, unapata takriban kilonyutoni 2 kwa kila mita ya boriti. Kwa lugha ya sokoni, ni kama kilo 200 kwa mita. Thamani hiyo itaitwa w. Nafasi iliyo wazi kati ya kuta, L, ni mita 2.8.

Kisha mti wenyewe. Wauza miti wa pwani hawaiti kila mti boriti. Wana fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kwa kufuata unene, na boriti ni mti wa sentimita 12 au 13 hivi. Hapa kipenyo ni milimita 125. Umbo hilo la duara lina kipimo chake cha kukataa kupindwa, kinachoandikwa I, nacho hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Ndiyo maana mti uliopungua unene kwa asilimia 10 tu hupoteza karibu theluthi moja ya ukinzani wake. Kwa milimita 125, I ni 0.000012 kwa mita zilizopandishwa kipeo cha nne. Ugumu wa mbao yenyewe, E, umechukuliwa kwa tahadhari kuwa gigapaskali 12. Mkoko ni mti mzito na mara nyingi ni mgumu kuliko hapo. Ukizidisha E kwa I unapata 144 kwa kipimo cha kilonyutoni mara mita za mraba, na namba hiyo moja ndiyo yote ambayo hesabu inahitaji kujua kuhusu mti.

Sasa kupinda. Kila mahali katika boriti iliyobeba mzigo kuna nguvu ya kuipinda, inayoitwa momenti ya kupinda na kuandikwa M. Kwenye kichwa kilichoegemea tu juu ya ukuta haipo, na katikati ya chumba ni kubwa kuliko pote. Kanuni ya msingi inasema kwamba pale momenti inapokuwa kubwa, boriti inajikunja zaidi, na pale EI inapokuwa kubwa, inajikunja kidogo. Wazo hilo lilipitia mikono kadhaa. Galileo aliandika juu ya boriti iliyochomekwa ukutani mwaka 1638, lakini aliuliza itavunjika lini, si itanepa kiasi gani. Jacob Bernoulli ndiye aliyeunganisha mkunjo na momenti mwishoni mwa karne hiyo, Euler akaufanya mlinganyo kamili mwaka 1744, na Navier akauweka mikononi mwa wahandisi kwa masomo aliyoyatoa Paris na kuyachapisha mwaka 1826. Sura yake inayotumika mpaka leo ni fupi:

EI·y″ = M(x)

Hapa x ni umbali kutoka ukuta wa kushoto, na y ni kiasi ambacho boriti imehama kutoka mstari wake wa awali. Kupanda ni chanya, kunepa ni hasi. Alama mbili juu ya y zinasema kwamba mlinganyo hauujui mnepo wenyewe. Unajua tu jinsi mwinamo wa boriti unavyobadilika kutoka hatua moja hadi nyingine. Kuupata mwinamo ni kukusanya mabadiliko hayo yote madogo, yaani kuchukua intigrali mara moja. Kuupata mnepo ni kuukusanya mwinamo nao, yaani kuchukua intigrali mara ya pili.

Tuseme vichwa vya boriti vimelazwa tu juu ya kuta, huru kuzunguka kidogo. Kila ukuta unabeba nusu ya mzigo, na momenti kwa umbali x ni:

M(x) = wLx/2 − wx²/2

Intigrali ya kwanza inatoa mwinamo:

EI·y′ = wLx²/4 − wx³/6 + C₁

Na ya pili inatoa mnepo:

EI·y = wLx³/12 − wx⁴/24 + C₁x + C₂

Hapo ndipo wanafunzi wengi huandika C₁ na C₂ kwa mazoea, kisha wakakimbilia jibu. Inafaa kutua kidogo. Zile C mbili, konstanti za intigrali, zinaonyesha jambo ambalo mlinganyo haulijui kabisa. Boriti yenye mkunjo uleule inaweza kupandishwa au kushushwa yote kwa pamoja, au kuinamishwa upande mmoja, bila momenti yoyote kubadilika. C₂ ni kule kupanda na kushuka. C₁ ni kule kuinama. Mzigo na mbao vikishasema vyote vinavyoweza kusema, bado kuna maumbo yasiyo na idadi yanayokubalika. Linalochagua moja kati yake ni egemeo.

Kwa boriti iliyolazwa tu, egemeo linasema mambo mawili: hapa kushoto boriti haiwezi kushuka, na kule kulia pia haiwezi. Jambo la kwanza, y = 0 pale x = 0, linaifanya C₂ kuwa sifuri papo hapo. Jambo la pili, y = 0 pale x = L, linabaki na C₁ peke yake:

wL⁴/12 − wL⁴/24 + C₁L = 0, kwa hiyo C₁ = −wL³/24

Ukiirudisha namba hiyo na kuangalia katikati ya chumba, x = L/2, unapata kanuni ambayo wahandisi wengi huijua kwa moyo:

y = −5wL⁴/(384EI)

Kwa boriti ya Lamu, L kwa kipeo cha nne ni 61.5, na jibu ni milimita 11. Kipimo cha kawaida cha wajenzi ni kwamba mnepo usizidi urefu uliogawanywa kwa 250, ambao hapa ni milimita 11.2. Mti unafaulu, lakini kwa kuponea chupuchupu. Yule fundi wa kufikirika akiufanya upana wa chumba kuwa mita 4, mti na mzigo vikibaki vilevile, mnepo unafika milimita 46 wakati kipimo kinaruhusu 16. Wakati huohuo mkazo ndani ya mbao umepanda mara mbili tu, kutoka takriban megapaskali 10 hadi 21. Ndiyo maana ilisemwa kwamba mti usingevunjika siku ileile. Mkazo unapanda kwa mraba wa urefu na mnepo kwa kipeo cha nne, kwa hiyo katika chumba kinachopanuliwa mnepo ndio unaoanza kugomba.

Msomaji makini atauliza kama mlinganyo ule ni kamili. Si kamili. Mkunjo halisi wa mstari una kigawanyo chenye mraba wa mwinamo ndani yake, na hicho kimeachwa. Lakini mwinamo mkubwa kuliko wote katika boriti hii, ule wa kwenye ukuta, ni wL³/(24EI), yaani 0.0127. Mraba wake haufiki hata sehemu mbili kwa elfu kumi. Hakuna fundi wala mhandisi atakayeiona tofauti hiyo.

Lakini mwinamo huohuo wa 0.0127 una habari nyingine, kubwa zaidi.

Boriti ya Lamu haikulazwa juu ya ukuta. Imezikwa ndani yake. Tuseme kichwa kimeingia ukutani kwa milimita 300. Kama boriti inainama kwa 0.0127 pale inapoingia chumbani, mkia wake ulio ndani ya ukuta unapaswa kunyanyuka kwa karibu milimita 4. Utanyanyukaje na juu yake kuna ukuta? Ukuta ukiwa mzito na imara, mkia haunyanyuki, na mwinamo pale mlangoni mwa ukuta unakuwa sifuri. Egemeo sasa linasema mambo mengine, na hesabu yote inabadilika ingawa mzigo, mti na upana wa chumba havijaguswa.

Katika hali hiyo ukuta wenyewe unaipinda boriti kinyume kwa momenti isiyojulikana, M₀, nayo inaongezwa katika M(x). Vitu visivyojulikana vimekuwa vitatu, lakini masharti nayo yameongezeka, kwa kuwa kila kichwa hakishuki na pia hakiinami. Kwenye x = 0, mnepo sifuri na mwinamo sifuri vinafuta C₁ na C₂ kwa pigo moja. Kwenye x = L, mwinamo sifuri unatoa:

M₀L + wL³/4 − wL³/6 = 0, kwa hiyo M₀ = −wL²/12

Na mnepo wa katikati:

y = −wL⁴/(384EI)

Ile 5 imetoweka. Badala ya milimita 11, boriti ileile inanepa milimita 2.2. Tofauti ya mara tano haikutoka katika mbao wala katika mzigo. Imetoka katika sentensi moja kuhusu ukuta, ile inayosema kama kichwa kinaweza kuzunguka au hakiwezi.

Basi ukuta wa kweli unasema lipi kati ya hayo mawili? Hili halijibiwi na intigrali. Linajibiwa kwa kupima kama ukuta una uwezo wa kuishika boriti. Momenti inayohitajika, wL²/12, ni kilonyutoni-mita 1.3. Ndani ya milimita 300 za mkia, jozi ya nguvu zinazoifanya momenti hiyo iko katika umbali wa kama milimita 200: moja inasukuma juu karibu na uso wa ndani wa ukuta, nyingine inakandamiza chini karibu na ncha ya mkia. Kila moja inafika kilonyutoni 6.5. Nguvu ya kukandamiza haina mahali pa kutoka ila uzito wa ukuta ulio juu. Ukuta wa nusu mita, kwa ukanda wa sentimita 30 wa boriti moja, una uzito wa kilonyutoni 2.7 kwa kila mita ya kimo. Kwa hiyo unahitajika ukuta wa karibu mita 2.4 juu ya boriti ili kuushika mkia wake.

Hapo nyumba inajigawa yenyewe. Boriti za ghorofa ya chini zina ukuta wa ghorofa nzima juu yake, na zinakaribia kuwa na vichwa vilivyokamatwa. Boriti za paa zina ukuta mfupi tu wa ukingo juu yake, na huo hautoshi. Boriti zilizokatwa msitu mmoja na kupangwa na fundi mmoja zinaanza maisha zikiwa na C₁ tofauti, kwa sababu tu ya kilicho juu ya vichwa vyake. Hesabu hii ni ya makadirio. Chokaa hushika kidogo, mawe hupeana uzito kwa pembeni, na ukuta wa matumbawe hubonyea. Lakini ukubwa wa tofauti hauna shaka.

Kuna la kutazamwa zaidi katika boriti iliyokamatwa. Momenti yake kubwa haiko katikati ya chumba. Iko kwenye uso wa ukuta, ambako ni mara mbili ya ile ya katikati. Na uso wa ukuta ndio mahali ambapo unyevu hutua, chumvi hukusanyika na mchwa huanzia. Mti unaolemewa zaidi pale pale unapooza kwanza hauhitaji maelezo marefu. Kichwa kikilainika kinaanza kuzunguka, sharti la mwinamo sifuri linavunjika, na boriti inasogea polepole kutoka milimita 2.2 kuelekea 11. Juu sakafuni jambo hilo huonekana kama ufa unaofuata ukuta kwa urefu wa chumba. Fundi wa siku hizi huuziba ufa huo kwa saruji na kupaka rangi. Ufa ule ulikuwa unamwambia kwamba konstanti imebadilika.

Zaidi ya hapo, mti hunepa na wakati. Mbao zikibeba mzigo usioondoka kwa miaka, hasa penye unyevu, mnepo huendelea kukua na unaweza kufika kama mara mbili ya ule wa mwanzo. Hivyo milimita 11 za karatasini zinaweza kuwa 20 na kitu katika nyumba ya kweli, bila mti kuwa na kosa lolote.

Halafu yako matangi ya maji ya plastiki. Tangi la lita 1000 lililowekwa juu ya paa la zamani, likijaa, lina uzito wa kilonyutoni 10. Likitua juu ya boriti nne, kila moja katikati yake, kanuni ya mzigo wa nukta moja, PL³/(48EI), inaongeza milimita 8 kwa kila boriti iliyolazwa tu. Zile milimita 11 zinakuwa 19 kabla wakati haujachukua sehemu yake. Tangi likiwekwa pembeni badala ya katikati, mnepo unapungua lakini hesabu inakuwa na kero: momenti ina kanuni moja kabla ya tangi na nyingine baada yake, kwa hiyo intigrali zinafanywa kwa vipande viwili na konstanti zinakuwa nne. Kuta mbili zinatoa masharti mawili. Mengine mawili yanatoka kwa boriti yenyewe, kwa kuwa chini ya tangi vipande viwili lazima vikutane kwa kimo kilekile na kwa mwinamo uleule, la sivyo mti umekatika au umekunjwa pembe. Mwaka 1919 Mwingereza aitwaye Macaulay alichapisha njia ya kuandika momenti yote kwa mstari mmoja, akitumia mabano yanayohesabiwa sifuri mpaka x ivuke mzigo. Kwa njia hiyo masharti ya katikati yanatimia yenyewe na konstanti zinarudi kuwa mbili. Ndiyo njia inayofundishwa vyuoni hadi leo, na inafaa kila boriti yenye mizigo mingi.

Mwenye nyumba ya zamani, au mhandisi aliyeitwa kuitazama, hana haja ya kubahatisha E ya mkoko ili kujua kichwa kimeshikwa kiasi gani. Umbo la mnepo linasema. Katika boriti iliyolazwa tu, mnepo wa robo ya chumba ni asilimia 71 ya ule wa katikati. Katika boriti iliyokamatwa pande zote mbili, ni asilimia 56. Uwiano huo haubebi w, wala E, wala I, kwa kuwa vyote vimefutika katika kugawanya. Hata mnepo wa miaka mingi, ukiwa umekua kwa uwiano uleule kila mahali, haubadilishi kitu.

Kazi yenyewe ni ya uzi na rula. Uzi unavutwa chini ya boriti kutoka ukuta hadi ukuta, na nafasi kati ya uzi na mti inapimwa katikati na kwenye robo mbili. Mti ulionepa unaugusa uzi katikati, hivyo ni bora uzi ushushwe kwa vipande viwili vya mbao vyenye unene sawa, kisha kila kipimo kilichosomwa kitolewe katika unene huo. Kinachobaki ni mnepo. Kama katikati kuna milimita 20, robo itakuwa na 14 kwa kichwa kilicho huru na 11 kwa kilichokamatwa. Tofauti ya milimita 3 inasomeka. Tatizo ni kwamba mkoko haukuzaliwa mnyoofu, na boriti moja yenye kibyongo chake cha asili inaweza kumdanganya mpimaji. Kwa hiyo hupimwa boriti 10 au 15 za chumba kimoja na kuchukuliwa wastani, na ile ambayo robo yake ya kushoto inapishana sana na ya kulia huwekewa alama ya chaki, kwa sababu huenda kichwa kimoja bado kimeshikwa na kingine kimeshaoza.